Mita Moja na Nusu ya Maji

Ombi lilifika ofisi ya maji likiwa na saini za wakulima wote wa bustani zilizo kando ya bwawa, na saini ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake mhandisi aliyepewa kulikagua. Walitaka kizingiti cha utoro kiinuliwe nusu mita. Utoro ni ile njia pana iliyochimbwa pembeni mwa tuta ili bwawa likijaa, maji ya ziada yapite huko yasiguse tuta lenyewe. Kizingiti chake ndicho kinachoamua maji yasimame wapi. Ukikiinua, bwawa linabaki na maji mengi zaidi, na nyanya za mwezi wa mwisho wa kiangazi hazikauki.

Mdogo wake alikuwa mwenyekiti wao. Kila mtu alimwita Masika, hata mke wake, kwa sababu alizaliwa katikati ya mvua ambazo mama yao hakuzisahau. Alipiga simu siku hiyohiyo.

"Dada, nasikia faili limeangukia mezani kwako."

"Limeangukia. Mkuu amenipa nikague kwanza kama utoro unaweza."

"Unaweza. Tangu bwawa lijengwe sijaona maji yakifika hata magotini pale. Wewe tia sahihi tu, nikuletee nyanya debe zima."

"Nyanya lete. Sahihi tutaona."

Akacheka. Dada naye akacheka. Baadaye alikuja kukumbuka kuwa hicho ndicho kicheko chao cha mwisho kisicho na kitu ndani yake.

Dada huyo alikuwa mhandisi wa maji, mtu wa hesabu za mvua na mito. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, dirisha likitazama uwanja wenye magari mabovu ya idara. Alifungua makabati akatoa michoro ya zamani ya bwawa. Utoro ulikuwa na upana wa mita thelathini, na kutoka kizingiti hadi mgongo wa tuta palikuwa na mita moja na nusu. Kwa vipimo hivyo, ukitaka kuacha nusu mita ya usalama kwa ajili ya mawimbi, unapitisha mita za ujazo hamsini kwa sekunde. Ukiacha maji yafike ukingoni kabisa, unapitisha kama tisini na nne. Zaidi ya hapo yanapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu huanza kulika kama sukari.

Swali likawa moja tu: mto ule unaweza kuleta kiasi gani?

Hapakuwa na mtu aliyewahi kuupima. Mito mikubwa ina vituo vya kupimia. Kijito kama kile, kinachokauka nusu ya mwaka, hakina hata fimbo ya kuonyesha kina. Ilibidi aanze na mvua, kisha aigeuze kuwa mafuriko. Lakini kipima mvua cha karibu kilikuwa kwenye shule moja ng'ambo ya vilima, na rekodi zake zilikuwa na pengo la miaka sita. Mwalimu aliyekuwa akisoma kipimo alihamishwa, na hakuna aliyeikumbuka kazi hiyo mpaka alipokuja mwingine aliyependa mambo hayo. Mhandisi aliyesanifu bwawa alitumia miaka tisa tu iliyofuata pengo. Alikuwa mtu makini, hesabu zake zilikuwa safi, mwandiko mzuri. Ila miaka ile tisa ilikuwa ya ukame.

Dada yake Masika sasa alikuwa na rekodi za miaka mingi zaidi. Alichukua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja katika kila mwaka, akazipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, akachora mstari wa kukadiria ile ambayo kila mwaka ina nafasi moja katika mia ya kufikiwa au kupitwa. Kituo cha shule peke yake kilimpa milimita mia moja thelathini. Hakuridhika. Mstari uliochorwa kwa data chache huvutwa huku na huku na mwaka mmoja tu. Akakusanya rekodi za vituo vingine vya ukanda ule, akaviweka pamoja ili upungufu wa kimoja uzibwe na vingine, na kadirio likapanda hadi mia moja sitini na tano.

Hatua zilizobaki zilikuwa za kawaida. Eneo linalokusanya maji ya bwawa ni kilometa za mraba arobaini na mbili. Tone la mbali kabisa huchukua kama saa tatu na nusu kufika. Katika muda huo robo tatu ya mvua ya siku nzima inaweza kushuka, na kwa kuwa udongo ni mfinyanzi na malisho yameliwa mpaka ardhi inaonekana, zaidi ya nusu yake haizami, inakimbia. Akapata mita za ujazo mia moja sitini kwa sekunde kileleni mwa mafuriko.

Alirudia hesabu. Akairudia tena kwa njia nyingine. Tarakimu ziligoma kushuka.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mama yao, kijiji kilicho chini kidogo ya bwawa. Masika alimpokea barabarani akambebea kipimo chake cha usawa begani. Mama alikuwa amekaa barazani, akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama," mhandisi aliuliza, "mwaka aliozaliwa huyu, maji yalifika wapi?"

"Yalifika dirishani pa duka la ushirika."

"Una hakika?"

"Mwanangu, nilipandishwa juu ya kaunta pale na uchungu wangu. Wanaume walisimama majini mpaka kiunoni, wananigeuzia mgongo kwa heshima. Mdogo wako alilia maji yakiwa yanagonga kwenye ubao wa dirisha. Nitakosaje hakika?"

Masika alikuwa amesikia hadithi hiyo maisha yake yote. "Ndiyo maana sipendi kuoga," alisema, na mke wake, aliyekuwa akipuliza moto, akamwambia hilo tu ndilo neno la kweli alilowahi kulisema.

Mwaka ule ulikuwa ndani ya pengo. Bwawa lilikuwa bado halijajengwa.

Duka la ushirika lilikuwa gofu sasa, lakini dirisha lilikuwepo. Mhandisi alimwomba mzee mmoja jirani amwonyeshe alama bila kumwambia mama yake alisema nini, na mzee akaonyesha palepale, tofauti ya kiganja. Alipima usawa wa alama hiyo na nyingine mbili kando ya mto, akapima umbo la bonde na mteremko wake, akakadiria jinsi majani na mawe yanavyopunguza mwendo wa maji. Masika alimshikia fimbo ya kipimo jua lote lile, akihama pale anapoambiwa. Hesabu ilileta mita za ujazo mia moja arobaini, au pungufu, au zaidi. Kumbukumbu ya mtu si chombo. Lakini ilikaa jirani kabisa na mia moja sitini yake, na mbali mno na hamsini za kwenye mchoro.

Kabla ya kuondoka alitembea peke yake mtoni kutoka chini ya tuta. Bwawa lilipojengwa pale palikuwa pori. Sasa palikuwa na nyumba za wafyatua matofali, zimeshikana, nguo zimeanikwa juu ya vichaka, tanuri zinafuka. Palikuwa na zahanati mpya yenye rangi ambayo haijachujuka. Mwanamke mmoja alimkaribisha maji ya kunywa akamuuliza kama amekuja kuandikisha watoto. Akasema hapana.

Mkuu wake wa kazi alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu. Alisoma taarifa yote, akavua miwani.

"Kwa hiyo hatuinui."

"Hatuinui. Tena utoro ulivyo sasa hautoshi."

"Kwa mafuriko ya mara moja katika miaka mia."

"Na hayo hayatoshi kuwa kipimo chetu. Bwawa dogo lisilo na mtu chini yake, mia inatosha. Likivunjika tunapoteza tuta. Hili lina watu. Kwa lenye watu tunapaswa kutumia mara moja katika elfu. Nimekadiria mia mbili sitini."

"Kutoka data ya miaka thelathini na kitu unaniambia habari ya miaka elfu."

"Najua. Ndiyo maana sisemi ni mia mbili sitini kamili. Inaweza kuwa mia mbili, inaweza kuwa mia tatu na zaidi. Lakini tukichagua mia, kwa miaka hamsini ya bwawa kuna karibu nafasi mbili katika tano kwamba yatakuja makubwa kuliko hayo. Tukichagua elfu, ni kama moja katika ishirini. Siwezi kuifuta hatari, mzee. Naweza kusema tu tumeamua kubeba ipi."

Kupanua utoro kulihitaji kupasua mwamba wa kilima, kazi ya mashine ambayo isingeingia katika mpango wa mwaka ule wala uliofuata. Kilichowezekana haraka kilikuwa kimoja. Kizingiti kilikuwa ukuta wa zege uliosimama juu ya mwamba kwa mita moja na nusu. Ukivunjwa, maji yatakuwa na kina maradufu cha kupitia, na mia mbili sitini zitapita kwa kubanana, tuta limelowa lakini halijapitwa.

"Na bwawa litapoteza maji kiasi gani?" mkuu aliuliza, ingawa alijua.

"Karibu nusu. Bonde linatanuka juu."

"Mdogo wako analima pale."

"Ndiyo."

"Nimpe mwingine faili?"

Alifikiri. "Mwingine atapata tarakimu hizihizi. Afadhali asikie kwangu."

Alimwambia Masika jioni, wakiwa wamesimama kwenye tuta lenyewe, bustani zikiwa kijani upande wa kushoto mpaka mwisho wa macho. Alimweleza kila kitu, mvua, pengo, dirisha la duka, nyumba za chini. Masika alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa na tope kwenye vifundo vya miguu.

"Nilikuomba nusu mita juu," alisema mwishowe. "Unanipa moja na nusu chini."

"Mpaka utoro upanuliwe."

"Lini?"

"Sijui."

"Mara moja katika miaka elfu, dada. Hata mababu wa mababu zetu hawajaishi hiyo elfu."

"Haimaanishi tungoje miaka elfu. Kila mwaka una nafasi yake moja katika elfu. Inaweza kuwa mwaka kesho."

"Na inaweza isiwe. Mimi nitakosa maji mwaka huu, hiyo si nafasi, hiyo ni hakika. Nyanya zangu hazijui hesabu za nafasi." Aligeuka aondoke. "Nilikushikia fimbo siku nzima. Ungeniambia nashika nini."

Dada alitaka kumshika mkono lakini Masika alikuwa ameshaanza kushuka tuta.

Kizingiti kilivunjwa wiki chache baadaye kwa nyundo. Maji yalitoka taratibu, siku baada ya siku, yakaacha utepe mpana wa tope lililopasuka kuzunguka bwawa lote. Wafyatua matofali walikuja kutazama, wakafurahia samaki waliokwama. Hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba kazi ile ilifanywa kwa ajili yao, au waliambiwa wakasahau.

Mvua zilizofuata hazikuja. Zile za pili zilikuja mara mbili zikakata. Pampu za wakulima zilivuta tope, kisha hewa. Waliokuwa na bustani za juu walitangulia kuacha. Masika alichimba mfereji kufuata maji yalikorudi, akachimba tena, akamwagilia kwa ndoo miche iliyobaki, yeye na mke wake na watoto, kuanzia alfajiri. Kwenye mikutano wakulima walimuuliza Masika kwa nini dada yake amewaonea. Alijibu kwamba dada yake anajua kazi yake. Hilo mhandisi alikuja kuambiwa baadaye sana, na wifi yake, kwa sauti isiyo na huruma.

Masika aliuza ng'ombe. Halafu akaenda mbali kwenye machimbo ya kokoto, kazi ya kupakia malori. Simu za dada yake hakupokea. Alimtumia mama salamu kupitia mkewe, na mama naye, kila mhandisi alipokwenda kumwona, alimwambia tu, "Yuko mzima," kisha akaanza kuzungumzia jambo lingine. Mhandisi alipeleka unga kwa wifi. Wifi alipokea, akashukuru, akarudi ndani.

Kila mwezi aliandika barua ya kukumbusha kuhusu kupanua utoro. Kila mwezi alijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Asubuhi, kabla hajavua hata koti, alikwenda kwenye ukuta wa ofisi uliobandikwa ripoti za mvua na kusoma sifuri, sifuri, nne, sifuri. Alijikuta siku moja akitamani mvua kubwa, ile ile, ifike ipite kwenye utoro uliobomolewa wote waione. Aliogopa tamaa hiyo. Palikuwa na watoto kule chini.

Masika alipiga simu mwenyewe, mara moja tu. Sauti ilikuwa na kikohozi.

"Dada. Huko imenyesha?"

"Bado."

"Na huku vumbi tupu." Alikohoa, akapumua. "Nilikuwa nawaza jambo. Ile siku ya fimbo, uliniambia nisogee kushoto, nisogee kushoto tena, mpaka nikaingia kwenye upupu. Ulijua kuna upupu?"

"Sikujua, wallahi."

"Nilijikuna wiki nzima." Akacheka kidogo, kikohozi kikakikata kicheko. "Haya. Basi tu. Nimetaka kusikia kama imenyesha."

"Masika, umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda wakitulipa."

"Nenda leo. Nakutumia nauli sasa hivi."

"Haya, dada."

Alituma. Asubuhi yake alipanda basi. Alipofika, vijana wa machimboni walimwambia amelazwa, wakampeleka mpaka getini mwa hospitali. Muuguzi alimuuliza ni nani kwake. Alisema dada. Muuguzi akavuta kiti akamkalisha kwanza, na mhandisi akajua kabla hajaambiwa. Nimonia, walisema, mapafu yalikuwa yamechoka kwa vumbi, alikuja amechelewa. Alikuwa ameacha kitandani simu, shati, na kofia ya majani aliyokuwa akivaa bustanini.

Walimzika nyumbani. Ardhi ilikuwa ngumu mpaka wachimbaji walipokezana sururu. Mama hakulia mbele za watu. Alikaa mkekani akashika mkono wa binti yake, hakuuachia siku nzima, hata alipoletewa chakula.

Baada ya waombolezaji kutawanyika, wifi alimfuata nyuma ya nyumba alipokuwa akiosha vikombe.

"Nikuulize kitu, na usinifiche kwa sababu nimefiwa."

"Uliza."

"Kama usingevunja ule ukuta. Miaka hii miwili. Maji yangepita juu ya tuta?"

Mhandisi aliweka kikombe chini. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba hakuna aliyejua, kwamba siku ya kuamua miaka hiyo miwili ilikuwa haijulikani kama mingine yote.

"Hapana," alisema. "Yasingepita. Yasingefika hata kizingitini."

Wifi aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na Masika angekuwa na bustani."

"Kwa mwaka wa kwanza, ndiyo. Wa pili, labda nusu yake."

"Na bado ungevunja."

"Ningevunja, wifi. Ningevunja, na sijui nitaishi nalo vipi."

Wifi akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe vilivyooshwa, kimoja kimoja, akivipanga kwenye sinia.

Mvua zilirudi mwaka uliofuata, za kawaida, za kulima. Bwawa lilijaa mpaka kwenye mwamba uliobaki wazi na maji yakapita utoroni kwa kina cha kisigino, siku kadhaa, yakatulia. Ndipo kibali cha kupanua kilipotoka, bila barua yoyote ya kueleza kwa nini sasa na si zamani. Mashine zilipasua kilima, utoro ukawa na upana mara tatu, tuta likaongezwa kimo kidogo, na kizingiti kikajengwa upya kwenye usawa wake wa zamani. Si juu zaidi. Wakulima walirudi mmoja mmoja. Kipande cha Masika wifi alikikodisha kwa mtu wa kabichi.

Siku ya kukagua zege, mkulima mmoja mgeni alimuuliza mhandisi kwa nini njia pana vile, mtu anaweza kulaza treni, kwa kijito ambacho mbuzi anakiruka. Alimweleza. Alimweleza kuhusu mvua na udongo na nyumba za chini, na kwamba hata upana huu unaweza siku moja usitoshe. Mkulima alisikiliza kwa adabu, akasema wataalamu wana mambo, akaenda zake kuwasha pampu.

Akashuka kwenda kwa mama. Wifi alikuwa barazani, akimsuka binti yake mdogo, anayefanana na baba yake mpaka namna ya kukunja uso. Mhandisi alisalimia. Wifi aliitikia bila kuinua kichwa, akafunga msuko, akaanza mwingine.

"Shangazi yako amesimama," alimwambia mtoto. "Msogezee kigoda."

Mtoto akasogeza. Mhandisi akakaa. Walibaki hivyo jioni ile, wakisikia pampu zikifanya kazi upande wa bwawa, na mama ndani akiuliza ni nani aliyekuja.